Fuvu la Kijana, Dole Gumba la Mzee

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye mkutano wetu wa wanachama. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, hamjambo. Nanyi vijana mliojazana huko nyuma karibu na mlango ili mtoke mapema, nimewaona, karibuni sana.

Waandaaji waliniomba nizungumzie mawasiliano ya kisasa. Nikawaambia hilo ni bahari, mtanizamisha. Nitazungumzia vinyago vitatu tu vya kwenye simu: uso unaolia, uso unaotabasamu kidogo, na dole gumba. Najua kuna vijana humu wanaotumia emoji hamsini kabla ya saa nne asubuhi, wataona vitatu ni vichache. Subirini. Ugomvi mwingi wa kifamilia na wa kazini ninaoletewa niutatue, ukiufuatilia hadi kwenye meseji yenyewe, unaangukia kwenye kimojawapo cha hivi vitatu.

Nianze na swali. Nikikutumia 😭 peke yake, bila neno lolote, nimefiwa au nimecheka?

Nyoosheni mikono. Wanaosema nimefiwa? Naam. Wanaosema nimecheka? Naam. Sasa hebu geukeni mtazamane. Mvi zote upande mmoja, vijana wote upande wa pili. Hatujaanza hata kuzungumza, tayari hatuelewani.

Niwasimulie lililotokea kwenye kundi la ukoo mmoja. Mjomba, mtu mzima mwenye heshima zake, aliamka siku hiyo na hamu ya mambo ya zamani. Akaweka picha yake ya ujanani: nywele kama mwavuli, suruali ya bugaluu inayofagia sakafu, mkono kiunoni. Mpwa wake wa chuo akaiona wa kwanza. Akaandika: “Mjomba 💀💀 nimekufa 😭😭😭”. Binamu yake akafuata: “Siwezi 😭😭”. Wa tatu hakuandika neno, alituma mafuvu manne.

Sasa shangazi naye akafungua simu. Simu yake imewekwa isipakue picha zenyewe, kwa hiyo picha ya mjomba aliiona kama ukungu wa kijivu. Alichokiona vizuri ni jina la mjomba, neno “nimekufa”, mafuvu na watoto wanaolia. Mwambieni shangazi alikosea wapi! Akaandika: “Jamani poleni wanangu. Amefariki lini? Mbona hatukuambiwa anaumwa?”

Vijana walipoona hiyo, walicheka zaidi. Na wakicheka zaidi wanafanya nini? Wanatuma mafuvu zaidi na vilio zaidi. Shangazi wa pili akaingia, akakuta msiba umekolea, akatoa pole yake. Mzee mmoja aliye mbali akauliza mazishi ni lini ili aombe ruhusa kazini. Mtu akampigia simu mke wa mjomba kumfariji. Mke wa mjomba alikuwa ameketi na mjomba mezani.

Mnacheka. Lakini tazameni jinsi mtego ulivyo. Kila dalili ya kicheko upande huu ilikuwa uthibitisho wa kifo upande ule. Kadiri vijana walivyozidi kufurahi, ndivyo wazee walivyozidi kuamini. Hapakuwa na namna mazungumzo yale yangejirekebisha yenyewe kwa emoji. Ilibidi mjomba mwenyewe atume sauti: “Niko hai, naomba chai yangu niinywe kwa amani.”

Tumefikaje hapa? Hiki ndicho kipande ninachotaka tukitafune taratibu.

Ule uso unaocheka mpaka machozi, huu 😂, ndio uliokuwa mfalme. Emoji ziliingizwa kwenye utaratibu wa herufi wa dunia nzima, uitwao Unicode, mwaka 2010, na miaka michache baadaye simu karibu zote zilikuwa nazo. Mwaka 2015 watunzi wa kamusi za Oxford waliuchagua uso huo huo kuwa neno lao la mwaka. Fikirieni, mchoro umeshinda maneno yote ya Kiingereza! Sisi watu wazima tuliingia kwenye mchezo huu wakati ule, na tulichoingia nacho tumebaki nacho.

Sasa kitu kikitumiwa na kila mtu, kila saa, kwa kila sentensi, kinabaki na nini? Mtu anaandika “nimefika 😂”. “Leo kuna jua 😂”. “Nitumie namba ya fundi 😂”. Kicheko kipo wapi hapo? Hakuna. Uso ule umegeuka kuwa kama nukta mwishoni mwa sentensi, adabu tu ya kuonyesha kwamba mtu hajanuna. Kijana aliyekulia humo, siku akicheka kweli, atatumia kipi? Hiki ambacho baba yake anakiweka kwenye ujumbe wa kuulizia fundi? Hapana. Atatafuta kikali zaidi. Kutoka kucheka akaenda kwenye kulia, na kutoka kulia akaenda kwenye kufa. Kufikia mwaka 2021 vijana wengi walikuwa wanatamka wazi kwamba 😂 ni ya wazee, na kicheko chao ni 😭 na 💀.

Na wazee, msijifanye mmeshangaa sana. Ni nani kati yenu hajawahi kusema “alinivunja mbavu” au “nilikufa kwa kicheko”? Mbavu zenu zote ziko nzima, nawaona. Vijana wamefanya hilo hilo, ila wameliweka kwenye mchoro badala ya mdomo. Mdomoni sauti yako inacheka unapolisema, msikilizaji anaelewa. Mchoro hauna sauti.

Basi utajuaje? Mzee unapokutana na 😭 kwenye simu, tazama kwanza imejibu nini, wala usianze na mchoro wenyewe. Panda juu kwenye mazungumzo. Ikiwa juu yake kuna picha ambayo haijafunguka, ifungue kabla hujaandika chochote. Shangazi angebonyeza ule ukungu wa kijivu, hadithi ingeishia hapo. Halafu tazama maneno yaliyoandamana nayo. Habari ya msiba wa kweli haiji kwa michoro mitupu. Inakuja na jina la aliyefariki, inakuja na wakati, inakuja na mtu mzima anayeitoa, na mara nyingi inapigwa simu kabla ya kuandikwa. Kijana akifiwa kweli kweli, utaona kitu cha ajabu: emoji zinapungua au zinatoweka kabisa. Anaandika sentensi nzima, yenye herufi kubwa na nukta. Ukiona kijana ameandika sentensi safi yenye nukta mwishoni, hapo ndipo ushtuke.

Na ukibaki na shaka, uliza kwa maneno: “Unacheka au unalia, mwanangu?” Hakuna aibu. Swali hilo hujibiwa kwa sekunde tano. Pole iliyotumwa kwa mtu aliye hai inasimuliwa miaka kumi.

Vijana, msipige makofi bado. Zamu yenu inakuja, kwa sababu kosa hili lina upande wa pili, na huo unauma zaidi.

Kuna msiba wa kweli uliotangazwa kwenye kundi la watu waliosoma pamoja. Mmoja wao amefiwa na mama. Mama mmoja wa makamo, rafiki wa marehemu, akajibu: “Mungu ampumzishe 😂😂😂”. Vijana wa familia ile walipandisha hasira. Mmoja alitaka aondolewe kwenye kundi. Walimwona ana roho mbaya, tena ana uthubutu wa kuionyesha hadharani.

Alichokiona mama yule ni machozi. Chukueni simu zenu, shusheni mwanga wa skrini, mziweke umbali wa mkono ulionyooka, mtazame 😂 na 😭 zikiwa zimepangwa kwenye kibao cha kuchapia. Nyuso mbili za njano, midomo wazi, buluu kwenye macho. Kwenye 😂 machozi ni matone mawili kwenye pembe za macho, yamekwenda pembeni. Kwenye 😭 ni mifereji miwili inayoshuka mashavuni. Tofauti ndiyo hiyo. Kwa jicho la miaka sitini lisilo na miwani, hakuna tofauti. Yule mama alikuwa analia nao. Aliyapata machozi kwenye mchoro wa kwanza aliouona, akaubonyeza mara tatu kwa uchungu.

Kijana, ukiona 😂 ya mtu mzima chini ya habari ya msiba, soma maneno yaliyotangulia. Maneno ya mama yule yalikuwa nini? “Mungu ampumzishe.” Maneno na mchoro vinapogombana, kwa mtu mzima shika maneno. Yeye maneno ndiyo aliyoyafikiria, mchoro aliupachika. Kwa kijana mara nyingi ni kinyume chake, maneno ni mapambo na mchoro ndio unaobeba ujumbe. Ndiyo maana “nimekufa” ya mpwa haikuwa na uzito wowote, uzito wote ulikuwa kwenye 😭.

Hapo hapo niingize jambo dogo la ufundi, halafu nitoke haraka kabla hamjasinzia.

Unapotuma emoji, simu yako haitumi picha. Inatuma namba. Huu uso wa kicheko namba yake ni U+1F602, ule wa kilio ni U+1F62D. Simu ya mwenzako inapokea namba, halafu inaichorea picha yake yenyewe. Apple ana mchoro wake, Google ana wake, Samsung ana wake. Bastola ndiyo mfano maarufu: mwaka 2016 Apple aliibadilisha ikawa bunduki ya maji ya watoto, huku simu nyingine zikiendelea kuonyesha bastola ya chuma, mpaka nyingi zilipofuata mwaka 2018. Kwa hiyo kuna kipindi mtu aliweza kutuma mzaha wa kurushiana maji, mwenzake akapokea kitisho.

Na hata mchoro ukiwa mmoja, watu hawakubaliani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwaonyesha watu emoji wakawauliza kila moja inabeba hisia nzuri, mbaya, au ya katikati. Watu waliotazama mchoro ule ule kabisa walipishana karibu robo ya mara zote. Hao hawakuwa wazee dhidi ya vijana, ni watu tu. Kwa hiyo umri hauanzishi tatizo, unalikuza.

Nimetoka kwenye ufundi. Tuje kwenye tabasamu dogo.

Huu uso: 🙂. Wazee, huu unasema nini? Nasikia “amani”, “heri”, “sina neno”. Vijana? Nasikia “amekasirika”. Yule wa dirishani anasema “nitakuonyesha”. Jamani, tabasamu!

Binti mmoja aliyeanza kazi mwaka jana alinionyesha simu yake huku mikono ikitetemeka. Alikuwa amemwandikia msimamizi wake, bwana mmoja anayekaribia kustaafu: “Samahani boss, nitachelewa kama dakika ishirini, gari limeharibika.” Jibu: “Sawa. Tutaongea ukifika 🙂”. Binti alisoma hapo barua ya kufukuzwa. Alifika akiwa amekwisha kutunga utetezi, akaingia ofisini kwa bwana yule akaanza kueleza habari za gari kwa dakika nzima, mpaka bwana akamkatisha: “Nilitaka tu kukuambia ripoti yako nimeipenda.”

Kwa nini alisoma hivyo? Tazameni mchoro kwa makini, mbele ya macho. Linganisheni 🙂 na 😊. Kwenye 😊 macho yamejikunja, mashavu yamepanda na wekundu, uso mzima unacheka. Kwenye 🙂 mdomo umejipinda lakini macho yamebaki wazi, yanakukodolea, hayajashiriki chochote. Ni tabasamu la mtu anayekusubiri umalize kusema uongo. Kijana ana nyuso nyingi za furaha za kuchagua, zenye mioyo, zenye mashavu, zenye nyota machoni. Anajiuliza: mtu mwenye uchaguzi wote huo, akaamua kuchukua ule usio na furaha kabisa, ana maana gani? Lazima amejizuia. Na anayejizuia ana kitu anachokizuia.

Lakini yule bwana hakuchagua! Hapa ndipo wengi hawajui. Nilimwomba anionyeshe anavyoandika. Hafungui kabisa ukurasa wa emoji. Anachapa nukta pacha na mabano, hivi :) kama alivyozoea kwenye barua pepe zamani, na programu yenyewe inaibadilisha kuwa 🙂. Ile alama ya mabano ina historia yake safi: tarehe 19 Septemba 1982, mwalimu wa kompyuta Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alipendekeza :-) itumike kwenye ubao wao wa matangazo ili watu wajue kwamba kilichoandikwa ni mzaha, wasigombane. Iliundwa kuzuia kutoelewana. Bwana yule amebaki nayo kwa nia ile ile. Mashine ikaivalisha sura nyingine, binti akaisoma sura.

Kwa hiyo kijana, kabla hujaanza kutetemeka, panda juu kwenye mazungumzo yenu ya siku za nyuma. Alipokutakia heri ya sikukuu aliweka nini? Alipokupongeza aliweka nini? Kama ni 🙂 kila mahali, huyo ndiye yeye, ndivyo anavyotabasamu. Mtu anayekasirika kwa 🙂 haiweki kwenye salamu za sikukuu. Kinachotisha ni mabadiliko: mtu aliyekuwa akikuwekea 😊 na ❤️ kwa miezi, leo ghafla ameweka 🙂. Hapo una haki ya kuuliza.

Wazee, kama hamtaki kuwatisha watoto wa watu, ongezeni neno moja la sababu. “Tutaongea ukifika, ni habari njema.” Basi. Wala huhitaji emoji yoyote.

Sasa dole gumba. Hili ni zito, limefika mahakamani.

Machi 2021, huko Saskatchewan nchini Kanada, mnunuzi wa nafaka alizungumza na mkulima kwa simu kuhusu tani 86 za mbegu za kitani. Bei dola 17 za huko kwa busheli, kipimo chao cha nafaka, mzigo uletwe Novemba. Mnunuzi akaandaa mkataba, akautia saini, akaupiga picha kwa simu, akamtumia mkulima pamoja na ombi kwamba athibitishe mkataba. Mkulima akajibu kwa emoji moja: 👍.

Novemba ikafika. Mzigo haukuja. Bei ya kitani ilikuwa imepanda hadi dola 41 kwa busheli. Mnunuzi akaenda mahakamani kudai tofauti.

Mkulima akasema nini? Kwamba lile dole lilimaanisha “nimeupata ujumbe wako, nitausoma”. Mnunuzi akasema lilimaanisha “nimekubali”. Jaji angeamuaje? Wengi wanadhani aliangalia tu maana ya dole kwenye kamusi. Kweli aliigusa kamusi, lakini kilichobeba kesi ni kitu kingine: alipanda juu kwenye mazungumzo, kama ninavyowahimiza nyinyi. Akakuta kwamba wawili hawa walikuwa wamefanya mikataba ya namna hiyo mara kadhaa. Kila mara mnunuzi alituma picha ya mkataba, mkulima akajibu kwa neno moja au mawili ya mkato, “sawa”, “ndiyo”, “inafaa”, na mzigo ukaletwa. Hakuna mara hata moja ambapo jibu fupi lilikuwa na maana ya “nimepokea tu”. Mwaka 2023 akaamua kwamba dole lile ni saini, mkulima alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Akakata rufaa, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa, kwa wingi wa kura, ikabaki pale pale.

Piga hesabu uone jinsi kitu kidogo kinavyokuwa kikubwa: dola 24 za tofauti, mara busheli karibu 3,400, ndizo zile tani 86. Kwa mguso mmoja wa kidole.

Sasa, hao wawili walikuwa wanabishana kama 👍 ni “nimepokea” au “nimekubali”. Mwingize kijana kwenye ubishi huo, atawaambia wote wamekosea, maana yake ni “sitaki kuongea na wewe”. Kweli au si kweli, vijana? Ndiyo, nasikia.

Chanzo chake ni hiki. Watu wazima wengi walilizoea dole kwenye kitufe cha kupenda cha Facebook, kilichoanza mwaka 2009. Pale dole ni zawadi: nimeona, nimefurahi, hongera. Wakahama nalo kwenda kwenye meseji za watu wawili. Lakini kwenye meseji mambo ni mengine. Kijana ameandika aya tatu, ameomba ushauri, ameeleza yaliyomsibu, halafu anajibiwa 👍. Tena emoji ikitumwa peke yake kwenye WhatsApp huonekana kubwa kuliko maandishi. Aya tatu za moyo wake, chini yake dole kubwa la njano. Haliulizi, haliongezi, halimwachii mlango wa kuendelea. Anahisi ameambiwa “nimekusikia, inatosha”.

Kuna baba mmoja alilalamika kwangu kwamba mwanawe wa kiume amekuwa baridi. Nikaomba kuona mazungumzo yao. Mtoto: “Baba nimepata ile nafasi niliyokuambia! Wametuchagua wawili tu kati ya wote walioomba!” Baba: 👍. Mtoto: “Naanza Jumatatu. Nina hofu kidogo kwa kweli.” Baba: 👍. Mtoto hakuandika tena kwa wiki mbili. Nikamuuliza yule baba alihisi nini alipopata habari ile. Akaniambia alitoka nje akamwambia jirani, akampigia kaka yake, akamwambia na muuza magazeti. Kila mtu alijua furaha yake isipokuwa aliyeisababisha.

Kwa hiyo tufanyeje na dole? Mimi maoni yangu ni haya, na mnaweza kunipinga. Dole libaki kwenye mambo ya utaratibu yasiyo na hisia wala fedha. “Kikao kimesogezwa saa tisa.” 👍. Safi kabisa, hata kijana hatanuna, hasa ukilibandika juu ya ujumbe wenyewe badala ya kulituma kama jibu jipya. WhatsApp waliweka njia hiyo Mei 2022 wakaanza na emoji sita, na dole lilikuwa la kwanza kwenye mstari. Likibandikwa linakuwa dogo, linakaa kwenye kona, linasema “nimeona” bila kufunga mazungumzo. Lakini mtu akikufungulia moyo, andika neno. Na mtu akikutumia bei, mkataba, tarehe ya kulipa au idadi ya mzigo, andika maneno kamili: “Nimepokea, bado sijakubali, nitakujibu Ijumaa.” Mkulima yule sentensi hiyo ingemgharimu nusu dakika.

Nimalizie na swali ninaloulizwa kila mara: nikishakosea je, nifute?

Inategemea umegundua lini. Kama ulibandika emoji juu ya ujumbe, bonyeza nyingine, ile ya kwanza inaondoka. Kama uliandika, WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri, na ujumbe uliohaririwa unabaki na alama ndogo tu ya kuonyesha umehaririwa. Yule mama wa “Mungu ampumzishe” angeambiwa na mtu ndani ya robo saa, kwa faragha, angebadilisha na pasingekuwa na vita. Ndiyo, vijana, kwa faragha! Mtu mzima harekebishwi mbele ya watu tisini. Mwandikie pembeni: “Shikamoo mama, ule uso uliouweka unacheka, tafadhali ubadilishe.” Atakushukuru.

Dakika 15 zikipita, kufuta ni kazi ngumu kidogo, kwa sababu kunaacha alama kwamba ujumbe umefutwa, na waliokwisha kuuona wanaanza kuuliza ulikuwa unaficha nini. Hapo ni afadhali uuache ulipo, uandike chini yake kwa maneno ulichokusudia. “Nilikusudia machozi ya huzuni, nimechanganya alama. Poleni sana.” Watu wanasamehe mchoro haraka kuliko wanavyosamehe kimya.

Na wewe uliyejibiwa vibaya, kama vijana walivyojibiwa na shangazi aliyetoa pole kwa mjomba aliye hai, usiupige ujumbe wa aliyekosea picha ya skrini ukaisambaza kwenye makundi mengine. Hilo limetokea, na shangazi aliondoka kwenye kundi la ukoo, hakurudi mpaka mjomba alipomfuata nyumbani kumbembeleza.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama kwa uso wa 🙂 na sijui niusome wa kizazi gani. Tuanze maswali. Mzee wa mstari wa mbele, ulinyoosha mkono tangu kwenye mafuvu.